Makosa 25 ya kupandikiza: uchambuzi wa insha moja ya Nairobi

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya uchambuzi, ila anayefundisha au kusoma katika chuo chochote cha Nairobi ataitambua sura yake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesomea Kiswahili amepewa insha ya maneno 1,500 kuhusu matumizi ya Sheng katika matangazo ya biashara jijini. Ana wiki tatu. Wiki mbili za kwanza anafanya kazi ya kweli: anatembea Tom Mboya, River Road na Eastleigh, anapiga picha mabango 31, ananakili maandishi ya kwenye matatu, kisha anaandika maneno kama 1,000 kueleza alichokiona. Sehemu inayomshinda ni ile ya nadharia. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, anachukua maneno 500 yaliyotungwa na programu ya akili unde na kuyabandika baada ya utangulizi.

Hapo ndipo hofu inapomwingia. Amesikia kwamba insha zitapitishwa kwenye kichunguzi cha maandishi ya akili unde. Katika kikundi cha WhatsApp cha darasa kuna ushauri unaozunguka: mashine haikosei hijai, binadamu hukosea, basi weka kosa moja kila baada ya maneno 60 na kichunguzi kitakuona binadamu. Anaufuata ushauri huo kwa uaminifu mkubwa kuliko alivyofuata maagizo ya insha. Anapitia kazi yote, pamoja na sehemu aliyoiandika mwenyewe, na kuharibu maneno 25. Nane yamo katika sehemu ya nadharia, 17 katika kazi yake mwenyewe. «Matangazo» linakuwa «matagnazo», «biashara» linakuwa «bishara», «lugha» linakuwa «lugah», na mahali pamoja hata jina la jiji linageuka «Nairboi».

Tuanze na kichunguzi chenyewe, maana ushauri ule unadhani kinatafuta makosa. Hakitafuti makosa. Aina ya kwanza ya vichunguzi, iliyojulikana sana kuanzia Januari 2023 kichunguzi kiitwacho GPTZero kilipotoka, hupima jinsi kila neno linavyotabirika kutokana na yaliyotangulia. Mtu akisema «haraka haraka haina», msikilizaji yeyote wa Kiswahili amekwisha kumalizia «baraka» kabla hajaisikia. Neno hilo halimshangazi. Msemaji akimalizia kwa «kitanda», mshangao ni mkubwa. Programu ya akili unde huelekea kuchagua maneno yanayotabirika, hivyo maandishi yake huwa na mshangao mdogo na uliolingana kutoka sentensi hadi sentensi. Binadamu hupanda na kushuka: sentensi moja nyepesi, inayofuata ina neno ambalo hakuna aliyelitarajia.

Neno lililokosewa hijai kweli huongeza mshangao. Ukweli huo mdogo ndio unaoupa ushauri wa WhatsApp sura ya busara. Swali ni kiasi. Tuchukue tarakimu za mfano ili hesabu ionekane. Mshangao hupimwa kwa biti: neno ambalo lilikuwa na nafasi 1 kati ya 8 ya kutokea lina biti 3, kwa sababu 2 × 2 × 2 ni 8. Tuseme maneno 500 ya nadharia yana wastani wa biti 3 kila moja, na maandishi ya kawaida ya binadamu yana wastani wa 4.5. Tuseme pia kila neno lililoharibiwa linaruka kutoka biti 3 hadi 13, yaani linaongeza 10, ambayo ni ukarimu.

```
8 × 10   = 80
80 ÷ 500 = 0.16
3 + 0.16 = 3.16
```

Wastani umesogea kutoka 3 hadi 3.16, na lengo ni 4.5. Maneno yaliyobaki, 492 kati ya 500, hayajaguswa, na yote yanaendelea kutabirika kama mwanzo. Ili wastani ufike 4.5, zinahitajika biti 750 za ziada, yaani makosa 75 katika maneno 500, takriban kosa moja kila baada ya maneno sita au saba. Insha ya namna hiyo haihitaji kichunguzi tena. Msomaji ataitupa katika aya ya kwanza.

Wala yale makosa 17 katika sehemu nyingine hayasaidii sehemu ya nadharia. Vichunguzi vingi hukata kazi vipande vipande na kukipima kila kipande peke yake. Turnitin, huduma ya kukagua kazi za wanafunzi ambayo kichunguzi chake kilianza kazi Aprili 2023, hufanya hivyo kwa vipande vya maneno mia kadhaa vinavyopandiana. Kosa lililowekwa kwenye aya ya mwisho halimtetei mtu kwenye aya ya pili.

Aina ya pili ya vichunguzi haitegemei mshangao peke yake. Hufunzwa kwa maelfu ya maandishi ya binadamu na ya programu hadi vizoee tofauti za mpangilio: urefu wa aya, namna hoja zinavyokuja tatu tatu, viunganishi vinavyofungua sentensi. Makosa ya hijai hayagusi mambo hayo hata kidogo. Katika sehemu ya nadharia ya mwanafunzi wetu, aya nne zina urefu unaokaribiana, mbili zinaanza kwa «Ni muhimu kutambua kwamba», na kila moja inafunga kwa kurudia ilichosema. Ukiandika «Ni muhimu kutambaua kwamba», umeongeza herufi moja na kuacha mifupa yote palepale. Isitoshe, kusahihisha hijai kabla ya kupima ni kazi nyepesi kwa kompyuta, na anayejenga kichunguzi anaweza kuiweka kama hatua ya kwanza. Mwaka 2024 watafiti waliounda mkusanyo wa majaribio uitwao RAID walipima mbinu 11 za kukwepa vichunguzi, makosa ya hijai yakiwa mojawapo. Vichunguzi vilivyo bora havikuyumbishwa sana na mbinu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi hakulifikiria, nalo linahusu Kiswahili hasa. Vichunguzi vingi vimefunzwa kwa Kiingereza. Hicho cha Turnitin kilianza na Kiingereza peke yake. Neno letu moja, kama «wanapoyatangaza», hubeba nafsi, wakati, kirejeshi, kiambishi cha mtendwa na kitenzi, na programu iliyozoea Kiingereza hulikata vipande vitano au sita visivyolingana na sarufi yake. Tovuti ya bure itakayokubali insha ya Kiswahili na kutoa asilimia inapima kwa mizani ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo. Inaweza kusema «binadamu» kwa kazi ya programu, na «programu» kwa kazi ya binadamu. Kwa hiyo hata mwanafunzi akijaribu insha yake kwenye tovuti hiyo kabla na baada ya kupandikiza makosa, kisha aone asilimia imeshuka, hajajifunza lolote kuhusu kile atakachokitumia mhadhiri.

Na mhadhiri wa kisa hiki hakutumia kichunguzi. Alisoma.

Alipofika ukurasa wa pili alichukua kalamu ya rangi, akazungushia kila kosa la lugha, la hijai na la sarufi, bila kujiuliza limetoka wapi. Kisha akayagawa kwa aina. Hatua hii rahisi ndiyo iliyofichua kila kitu, na inafaa kuielezea kwa utulivu.

Makosa ya kweli ya waandishi wa Nairobi yana utaratibu wake. Mtu huandika «nilikua» badala ya «nilikuwa», kwa sababu ndivyo anavyolisikia. Huandika «ata» badala ya «hata». Huunganisha «kwahivyo» na kutenganisha «nimesha maliza». Anayetoka katika lugha ya nyumbani isiyotofautisha «r» na «l» hubadilishana herufi hizo, na asiyetamka «gh» huandika «gali» kwa «ghali». Lakini kosa linalotawala kuliko yote jijini ni la upatanisho: «matangazo hizi», «maneno zingine», «kitu ingine». Makosa haya yanatokana na sikio na mazoea, kwa hiyo hurudi. Aliyeandika «nilikua» kwenye aya ya kwanza ataandika «nilikua» kwenye aya ya tisa.

Makosa ya vidole nayo yana tabia yake. Herufi jirani kwenye kibodi huingia mahali pa nyingine, nafasi husahauliwa, neno hurudiwa «na na». Hujikusanya mahali mtu alipokuwa na haraka, mara nyingi mwishoni mwa kazi, na hupungua mahali alipoandika polepole.

Katika maneno 1,000 ya mwanafunzi mwenyewe, mhadhiri alikuta makosa 14 ya aina hizo, hasa ya upatanisho, pamoja na «nilikua» mara tatu. Alikuta pia makosa 17 ya aina nyingine: herufi mbili za katikati zimebadilishana nafasi, au herufi moja imetolewa, katika maneno mepesi ambayo mwanafunzi ameyaandika vizuri mara kadhaa kabla na baada. «Biashara» lilikuwa sahihi mara 11 na «bishara» mara moja. Umbali kati ya kosa na kosa ulikuwa karibu uleule kila mara.

Katika maneno 500 ya nadharia hakukuwa na kosa hata moja la aina ya kwanza. Hakuna «nilikua», hakuna «matangazo hizi». Kulikuwa na makosa manane tu, yote ya kubadilisha au kuondoa herufi. Sentensi moja ilisomeka hivi: «Matagnazo haya yanayolenga vijana huyakwepa maumbo rasmi ya lugah.» Tazama ilivyo. Mwandishi anayeshindwa kuandika «matangazo» na «lugha» amepatanisha «haya», «yanayolenga» na «huyakwepa» bila kuteleza, ilhali kurasa mbili mbele anaandika «matangazo hizi» bila kujua. Upatanisho ni mgumu zaidi kuliko hijai ya maneno hayo mawili, na mtu hakosei jepesi huku akipatia gumu kwa namna ya kupangwa hivyo. Yale makosa yaliyowekwa ili kufuta mpaka kati ya mwandishi na programu ndiyo yaliyouchora mpaka huo kwa wino.

Bado hilo halikuwa ushahidi wa kutosha, na mhadhiri alilijua. Hatua yake ya pili ilikuwa kulinganisha insha na jaribio la darasani la mwezi uliopita, lililoandikwa kwa mkono. Makosa ya aina ya kwanza yalikuwepo yote humo, na lile la «nilikua» pia. La kubadilisha herufi za katikati halikuwepo hata moja. Hatua ya tatu ilikuwa kumwita mwanafunzi ofisini na kumwomba aje na faili.

Insha iliandikwa kwenye Google Docs. Mwenye faili akifungua `File > Version history > See version history`, huona matoleo ya awali kwa tarehe na saa, na kila toleo huonyesha kilichoongezwa na kilichofutwa. Sehemu ya mabango na matatu ilionekana ikikua siku baada ya siku, sentensi zikiandikwa, zikifutwa, zikihamishwa. Maneno 500 ya nadharia yaliingia yote kwa mkupuo saa 5:40 usiku. Kubandika peke yake hakuthibitishi kitu, kwa kuwa wengi huandika kwenye simu au faili nyingine kisha wakahamisha. Lakini toleo la saa 5:52 lilionyesha maneno 25 yaliyokuwa sahihi yakigeuzwa kuwa makosa, na hakuna lililorekebishwa. Mtu anayehariri husogea kutoka kosa kwenda usahihi. Anayesogea upande wa pili mara 25 mfululizo hana maelezo mengine.

Kama faili ingekuwa ya Word iliyoandikwa kwenye kompyuta, historia hiyo isingekuwepo. Kingekuwepo kitu kidogo zaidi. Faili ya `.docx` ni kifurushi cha zip, na ndani yake mna idadi ya dakika ambazo faili ilikaa wazi ikihaririwa:

```
unzip -p insha.docx docProps/app.xml
```

Tarakimu iliyo ndani ya `TotalTime` ni dakika. Dakika 9 kwa insha ya maneno 1,500 zinazua swali, lakini ni swali tu: faili iliyopakuliwa kutoka Google Docs kwa kawaida haibebi hesabu hiyo, na iliyoachwa wazi usiku kucha inaweza kuonyesha saa nyingi ambazo hakuna aliyeandika. Asihukumiwe mtu kwa tarakimu hii.

Mazungumzo ofisini yalikuwa mafupi.

«Hili neno biashara,» mhadhiri aliuliza, «umeliandika sawa mara 11. Hapa limekuwaje?»

«Niliteleza, Mwalimu.»

«Na hapa kwenye lugha?»

Mwanafunzi alinyamaza. Kisha akasema, «Mwalimu, hii ya nadharia sikuandika mimi. Hizo zingine zote ni zangu, naapa. Picha ninazo kwa simu.»

Picha 31 zilikuwepo, kila moja na tarehe yake. Kazi ya uwanjani ilikuwa yake kweli, na ilikuwa nzuri. Hapa ndipo udanganyifu wa makosa ya kupandikiza unapoonekana kwa ukamilifu wake, kwa sababu si uleule wa kuchukua maneno 500. Kuchukua maneno hayo bila kusema ni kudai umeandika usichoandika. Vyuo hutofautiana juu ya kiasi cha msaada kinachoruhusiwa, na mwanafunzi angeweza kujitetea kwamba hakuelewa kanuni. Kupandikiza makosa ni tendo la pili, linalofanywa na mtu ambaye tayari anajua kuna kitu anapaswa kukieleza na ameamua kutengeneza ushahidi wa uongo badala yake. Kila kosa kati ya yale 25 ni kauli ndogo inayomwambia msomaji: hapa mkono wangu uliteleza. Haukuteleza. Utetezi wa «sikujua» unakufa hapohapo, na ndiyo maana kamati ya nidhamu inaweza kulitazama jambo hili kwa ukali kuliko ubandikaji wenyewe.

Kuna anayedhuriwa mwingine. Mhadhiri husoma makosa ili ajue afundishe nini. Akiona «matangazo hizi» kwa wanafunzi kumi, wiki ijayo atarudia ngeli. Akiona «bishara» na «lugah», anapoteza muda akitafuta tatizo lisilokuwepo, na mwanafunzi anayehitaji msaada wa kweli wa upatanisho haupati.

Hasara ya alama nayo ilikuwa ya moja kwa moja. Alama 4 kati ya 20 zilitengwa kwa usahihi wa lugha. Makosa 14 ya kweli yangempokonya moja au moja na nusu. Pamoja na 25 ya kupandikiza, alipoteza zote nne, zikiwemo zile za sehemu aliyoifanyia kazi wiki mbili. Mbaya zaidi, mhadhiri alilazimika kuomba picha za mabango ili aiamini sehemu ambayo, bila makosa hayo, asingeitilia shaka. Sehemu ya nadharia ilipata sifuri, akatakiwa kuiandika upya kwa siku saba, na taarifa ikaenda kwa mkuu wa idara.

Sentensi hii moja, ikiwekwa chini ya kichwa cha insha, ingebadilisha mkondo wote: «Sehemu ya pili, maneno takriban 500, imetungwa na programu ya akili unde tarehe hii, sijaihakiki kikamilifu.» Huenda mhadhiri angeikataa sehemu hiyo. Huenda angempa nusu alama. Lakini lingekuwa jambo la kusahihishwa darasani, si faili ya nidhamu.

Yuko pia mwanafunzi ambaye hakubandika chochote, na hofu yake ina msingi. Kampuni ya OpenAI ilitoa kichunguzi chake Januari 2023, ikakiri yenyewe kwamba kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya programu na kusingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu, na Julai mwaka huohuo ikakifunga. Watafiti wa Stanford walipopitisha insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vichunguzi saba, kwa wastani zaidi ya nusu zilisingiziwa kuwa za programu. Sababu ni ileile ya mshangao: anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kawaida na sentensi za kawaida, na hivyo hutabirika. Mwanafunzi wa Nairobi anayeandika Kiingereza safi cha shuleni anaweza kuangukia shimo hilohilo.

Kwake, kupandikiza makosa ni hatari maradufu. Hesabu ni ileile, kwa hiyo alama ya kichunguzi haitasogea vya kutosha. Na siku akiitwa ofisini na kufungua historia ya faili yake, ambayo ingemwokoa, toleo la mwisho litaonyesha maneno sahihi yakiharibiwa kwa makusudi. Atakuwa ameuchafua ushahidi pekee wa kwamba hana hatia. Linalomfaa ni kuandika kwenye faili moja tangu siku ya kwanza, kutopakia toleo jipya kila siku kama faili mpya, kupiga picha ukurasa wa daftari alipochora mpango wa hoja, na kuhifadhi kurasa alizosoma. Akiitwa, afungue toleo la kwanza kabisa, lile lenye sentensi mbovu na «nilikua» mara sita, aanzie hapo kueleza.